Mawese yanayoganda, transi na kolesteroli: jibu kwa mwanafunzi wa lishe

*"Shikamoo mtaalamu. Nasoma kozi ya lishe ya msingi hapa Mbeya. Kwenye jaribio tuliulizwa: 'Mafuta ya mawese hayana kolesteroli, kwa hiyo hayawezi kupandisha kolesteroli ya damu. Kweli au si kweli? Toa sababu.' Nikajibu kweli, maana hata dumu la dukani limeandikwa hayana kolesteroli. Sehemu ya pili tulitakiwa kueleza kwa nini mawese ya Kyela huganda yakifika huku juu, nikaandika kwamba baridi imeyageuza kuwa mafuta ya transi. Nimepata sifuri kotekote. Nimekosea wapi?"*

Marahaba. Dumu halikukudanganya. Mawese hayana kolesteroli, na mafuta ya alizeti, karanga, nazi au parachichi nayo hayana ya kutajika, kwa sababu kolesteroli tunayoizungumzia kwenye chakula hutoka kwa wanyama. Kilichokuangusha ni lile "kwa hiyo" lililokaa katikati ya sentensi. Kolesteroli iliyomo kwenye chakula ni jambo moja, na kolesteroli inayopimwa kwenye damu ni jambo jingine, na katikati yao kuna ini. Tutafika kwenye ini. Lakini naomba tuanze na swali la pili, kwa sababu ukishaelewa kwa nini mafuta huganda, la kwanza utakuwa umelijibu nusu.

Chukua asidi mafuta moja uitazame kwa karibu. Ni mnyororo wa kaboni zilizoshikana moja baada ya nyingine, na upande mmoja wa mnyororo unaishia na kundi la COOH. Asidi ya steariki, kwa mfano, ina kaboni 18 na huandikwa CH3(CH2)16COOH. Kila kaboni ya katikati imeshika haidrojeni mbili na haina nafasi ya kushika nyingine, ndiyo maana ikaitwa iliyoshiba. Sasa ondoa haidrojeni moja kwenye kaboni ya tisa na moja kwenye kaboni ya kumi. Kaboni hizo mbili zimebaki na nafasi wazi, hivyo zinashikana zenyewe mara mbili, na hicho ndicho kifungo maradufu. Umepata asidi ya oleiki, yenye kifungo maradufu kimoja. Ukiondoa haidrojeni nyingine mbili mahali pake unapata asidi ya linoleiki, yenye vifungo maradufu viwili, ambayo imejaa kwenye mafuta ya kawaida ya alizeti.

Hapo hapo kuna njia ya mkato ambayo wengi hawaitumii kwenye mtihani. Steariki ni C18H36O2, oleiki ni C18H34O2, linoleiki ni C18H32O2. Ukipewa fomula ya asidi mafuta, zidisha idadi ya kaboni kwa mbili. Haidrojeni zikilingana na jibu lako, asidi imeshiba. Zikipungua mbili, kuna kifungo maradufu kimoja; zikipungua nne, kuna viwili. Asidi ya palmitiki ni C16H32O2: kumi na sita mara mbili ni thelathini na mbili, basi imeshiba. Huhitaji kukariri jedwali zima.

Mnyororo ulioshiba umenyooka. Minyororo iliyonyooka hulala ubavu kwa ubavu na kubanana kama kuni zilizonyooka ndani ya mzigo, kwa hiyo inahitaji joto kubwa kuitenganisha. Steariki ikiwa peke yake huyeyuka kwenye nyuzi joto 69 hivi. Oleiki ina kona mahali penye kile kifungo maradufu, haipangiki vizuri, na huyeyuka kwenye nyuzi 13 hivi. Linoleiki ina kona mbili na hubaki majimaji hata chini ya sifuri. Urefu ni ule ule, kaboni 18 kwa zote tatu. Tofauti yote hiyo imeletwa na haidrojeni mbili au nne.

Turudi kwenye mawese yako. Hakuna mafuta ya kula yaliyo na aina moja tu ya asidi. Ukisikia mwalimu anasema "mawese yameshiba" na "alizeti haijashiba", anafupisha. Karibu nusu ya asidi mafuta za mawese zimeshiba, nyingi zikiwa palmitiki. Takriban asilimia 40 ni oleiki na kama asilimia 10 ni linoleiki. Alizeti ya kawaida ina zilizoshiba kama asilimia 11 tu. Asidi hizo hazielei ovyo kwenye dumu, zimefungwa tatu tatu kwenye gliseroli, na mafungu yenye palmitiki nyingi ndiyo yanayowahi kuganda.

Kyela iko chini, kando ya Ziwa Nyasa, mita mia tano hivi kutoka usawa wa bahari, na kuna joto. Mafuta yakipandishwa kupitia Tukuyu hadi Mbeya mjini, kwenye mita kama 1,700, halafu yakalala usiku mmoja wa Juni au Julai, yale mafungu yenye palmitiki nyingi huganda na kutua chini ya dumu kama uji mzito. Juu unabaki umajimaji mwekundu wenye oleiki nyingi zaidi. Dumu la alizeti lililokaa pembeni yake halina habari.

Namna ya kujua kwamba hakuna kilichogeuka ni rahisi. Weka dumu hilo kwenye beseni la maji ya moto. Mafuta yatarudi majimaji yote, rangi ile ile. Yaache usiku, yataganda tena. Kitu kinachokwenda na kurudi namna hiyo kimebadilisha hali yake tu. Asidi zilizomo ni zile zile. Baridi haina uwezo wa kung'oa haidrojeni kwenye kaboni wala kuihamisha. Kwa hiyo jibu la sehemu ya pili lilikuwa asidi mafuta zilizoshiba, hasa palmitiki, na joto la Mbeya lililo chini ya kiwango cha kuyeyuka kwa sehemu hiyo ya mafuta. Mistari miwili ingekutosha.

Kwa nini basi ulifikiria transi? Nadhani umesikia kwamba mafuta ya transi ni mafuta ya mgando, ukageuza sentensi: yakiganda, basi ni transi. Wengi huteleza hapo. Samli huganda, mafuta ya nguruwe huganda, nazi huganda, na hakuna hata moja kati ya hayo lililogandishwa na transi.

Tazama tena kile kifungo maradufu cha oleiki. Kila kaboni kati ya zile mbili imebaki na haidrojeni moja. Kwenye mafuta ya mimea kama Mungu alivyoyaumba, haidrojeni hizo mbili ziko upande mmoja wa kifungo, na ndizo zinazofanya mnyororo upinde. Hamisha moja iwe upande wa pili. Mnyororo unanyooka. Umepata asidi ya elaidiki, ambayo ni ya transi. Fomula yake ni C18H34O2, sawasawa kabisa na oleiki, lakini huyeyuka kwenye nyuzi 44 hivi badala ya 13. Ile njia ya mkato ya kuhesabu haidrojeni haiwezi kukuambia ipi ni ipi, kwa hiyo wakikuuliza "transi imeshiba au haijashiba?", jibu ni haijashiba, maana kifungo maradufu kipo. Umbo lake tu ndilo linalofanana na la iliyoshiba. Watunga mitihani wanalipenda sana swali hili.

Kuihamisha haidrojeni hiyo kunataka kazi. Kiwandani mafuta ya majimaji hupashwa moto mkali, yakapitishiwa gesi ya haidrojeni, na unga wa nikeli ukiwemo wa kuchochea. Haidrojeni huingia kwenye vifungo maradufu na kuvishibisha kimoja kimoja. Lakini vingine hufunguka kidogo kwenye nikeli halafu hujifunga tena kabla ya kushiba, na katika kujifunga vinageuka upande. Ukisimamisha kazi katikati, yaani mafuta yametiwa haidrojeni kwa sehemu tu, unabaki na transi nyingi. Ukiendelea mpaka mwisho, hakuna kifungo maradufu kilichobaki, na pasipo kifungo maradufu hakuna transi. Umepata mafuta magumu yaliyoshiba. Kwa hiyo hata neno "yametiwa haidrojeni" peke yake halitoshi kusema kuna transi. Lazima uulize: kwa sehemu au kikamilifu?

Kuna njia moja ya asili. Bakteria walio tumboni mwa ng'ombe, mbuzi na kondoo hufanya kazi inayofanana na hiyo kwenye majani, na ndiyo sababu mafuta ya maziwa na ya nyama ya ng'ombe yana transi kidogo, kwenye asilimia chache za mafuta hayo. Mawese ya Kyela yaliyochemshwa na kukamuliwa hayajapita kwenye tangi la haidrojeni wala tumboni mwa ng'ombe.

Sasa kolesteroli, au lehemu kama utakavyoisikia kliniki. Kosa la kwanza ni kuiweka kwenye orodha ya asidi mafuta. Fomula yake ni C27H46O. Haina kundi la COOH, haina mnyororo mrefu wa kushiba au kutoshiba; mwili wake ni pete nne za kaboni zilizounganishwa, na mkia mfupi. Mwili hauichomi kupata nguvu. Huitumia kwenye utando wa seli, kutengeneza nyongo, homoni kama za uzazi, na vitamini D. Kwa kuwa inahitajika kila saa, mwili haungojei uiletee kwenye sahani: sehemu kubwa ya kolesteroli iliyomo mwilini hutengenezwa na mwili wenyewe, ini likiwa mstari wa mbele. Mtu asiyegusa nyama, yai wala maziwa bado ana kolesteroli kwenye damu.

Haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo husafirishwa kwenye damu ndani ya vifurushi vya mafuta na protini. Viwili utakavyoulizwa ni LDL, inayopeleka kolesteroli kwenye viungo, na HDL, inayoirudisha kwenye ini. LDL ikizidi kwa muda mrefu, kolesteroli yake hukwama kwenye kuta za mishipa. Ini huwa na vipokezi vinavyodaka LDL na kuiondoa kwenye damu. Na hapa ndipo mawese yanaporudi: asidi mafuta zilizoshiba, palmitiki ikiwa mojawapo ya zenye nguvu, hupunguza kazi ya vipokezi hivyo. LDL ambayo ingedakwa inabaki inazunguka. Kipimo cha damu kinapanda bila wewe kula hata chembe ya kolesteroli.

Steariki, kwa bahati, haipandishi LDL kama palmitiki ingawa nayo imeshiba. Ukitaka alama za ziada, itaje. Ukibanwa na muda, iache. Transi za kiwandani ni mbaya zaidi ya zote, maana hupandisha LDL na wakati huo huo hushusha HDL. Zisizoshiba za kawaida, hasa linoleiki, zikichukua nafasi ya zilizoshiba kwenye mlo, LDL hushuka. Sisitiza "zikichukua nafasi", kwa sababu kumwagia alizeti juu ya mawese yale yale si kubadilisha, ni kuongeza.

Tuweke hesabu, maana mtihani wa mwisho huwa na swali la namna hii. Kaya ya watu watano inatumia lita moja ya mafuta kwa wiki. Lita moja ya mafuta ya kula ina uzito wa gramu 920 hivi. Gawa kwa watu watano, kisha kwa siku saba: ni kama gramu 26 kwa mtu kwa siku. Tuseme wamegawana sawa, ingawa nyumbani baba na mtoto wa miaka mitatu hawagawani sawa. Kama ni mawese, nusu imeshiba, yaani gramu 13. Kama ni alizeti, asilimia 11 ni gramu 3 tu.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza nishati inayotoka kwenye asidi zilizoshiba isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ya transi isizidi asilimia 1. Kwa mtu anayekula kilokalori 2,000, asilimia 10 ni kilokalori 200. Gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9, kwa hiyo 200 gawa kwa 9 ni gramu 22. Kwa transi, kilokalori 20 gawa kwa 9 ni kama gramu 2. Kosa la kawaida hapa ni kugawa kwa 4, ambayo ni ya wanga na protini, ukapata gramu 50 na kumruhusu mgonjwa zaidi ya mara mbili.

Mwenye mawese ametumia gramu 13 kati ya 22 kwenye mafuta ya kupikia peke yake, kabla hujahesabu maziwa ya chai, andazi, au kitimoto cha Jumamosi. Zimebaki 9. Mwenye alizeti amebakiwa na 19. Hiyo haimaanishi mawese ni sumu. Mekundu yasiyosafishwa yana karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na kwa mtoto anayeishi kwa ugali na mboga hilo ni jambo kubwa. Karotini hiyo huondolewa mafuta yakisafishwa na kung'arishwa, lakini palmitiki inabaki. Kwa hiyo yale ya njano yanayopimwa dukani, kama asili yake ni mawese, yamepoteza kile kizuri na kubaki na kile ulichoulizwa.

Ningekuwa nasahihisha, jibu hili la sehemu ya kwanza ningelipa alama zote: "Si kweli. Ni sahihi kwamba mawese hayana kolesteroli, kwa sababu ni ya mmea. Lakini karibu nusu ya asidi mafuta zake zimeshiba, nyingi zikiwa palmitiki. Asidi zilizoshiba hupunguza uwezo wa ini kuondoa LDL kwenye damu, hivyo kolesteroli ya damu huweza kupanda. Kolesteroli iliyomo kwenye chakula siyo chanzo pekee cha kolesteroli ya damu." Angalia kwamba limekubali nusu iliyo kweli kabla ya kukataa hitimisho. Anayeandika "si kweli, mawese yana kolesteroli nyingi" amepata neno la kwanza na kukosa sababu, na sababu ndiyo yenye alama.

Wanaweza kuligeuza swali kwa kutumia yai. Kiini cha yai moja kina miligramu karibu 200 za kolesteroli, lakini asidi zilizoshiba ni gramu moja na nusu hivi tu. Kwa watu wengi kolesteroli ya kwenye chakula hupandisha ile ya damu kidogo kuliko zinavyofanya asidi zilizoshiba, kwa sababu ini hupunguza utengenezaji wake pale inapoingia nyingi. Kwa hiyo yai lililochemshwa na yai lililoelea kwenye mawese ni milo miwili tofauti, ingawa kolesteroli iliyomo ni ile ile.

Jingine ninalokutahadharisha ni karai la chipsi. Utaulizwa kama kurudia kukaangia mafuta yale yale huyageuza kuwa ya transi. Kwenye moto wa kawaida wa jikoni transi inayojitengeneza ni kidogo sana ukilinganisha na ya kiwandani. Kinachoharibu mafuta hayo ni oksijeni, ambayo hushambulia vile vifungo maradufu. Ndiyo maana alizeti, yenye vingi, huchakaa karaini upesi kuliko mawese. Utayajua yameharibika yakiwa meusi na mazito, yakitoa povu lisilotulia, moshi mapema na harufu inayowasha macho. Hapo yamwagwe. Kwenye karatasi ya majibu sababu yake iandike kuharibiwa na oksijeni na joto, na neno transi uliache kwa ajili ya swali la nikeli.